Silikoni kwenye kondishena: inaganda kweli kichwani, na unaiosha vipi?

Siku hizi mtu akilalamika kwamba nywele zimekuwa nzito, hazichukui maji na mafuta yanabaki juu juu, jibu la kwanza analopewa ni silikoni. Ataambiwa ni plastiki, inaziba unywele usipumue, haitoki kwa maji, na dawa yake ni siki na bekingi soda. Katika hayo yote moja ndilo la kweli: haitoki kwa maji matupu. Lakini sufuria iliyokaangiwa samaki nayo haisafishiki kwa maji matupu, na hakuna anayeitupa. Inatiwa sabuni.

Mwongozo huu ni wa mwenye nywele za kipilipili au zilizowekwa dawa, anayetumia kondishena na kushuku kwamba kuna kitu kimejirundika. Utasoma chupa, utajaribu kwenye kishungi kimoja, utaosha, kisha utapima tena. Usiruke jaribio la kishungi, maana wengi wanaohangaika na silikoni wana tatizo jingine kabisa.

Silikoni inafanya nini kwenye unywele

Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana. Magamba hayo yakilika kwa chanuo, pasi, dawa au rangi, unywele unakuwa mkwaruzo, nao unakwama kwa mwenzake. Kwa nywele za kipilipili, zilizojikunja tangu shinani, kukwama huko ndiko kunakozikata kuliko kitu kingine chochote. Silikoni ni aina ya mafuta yaliyotengenezwa kiwandani ambayo hukaa juu ya magamba hayo na kuyafanya yateleze. Haiponyi unywele wala haiulishi. Unywele ukishatoka kichwani hauna uhai wa kuponywa. Inapunguza msuguano, basi.

Aina unazokutana nazo mara nyingi ni hizi, zilivyoandikwa kwenye chupa:

```
Dimethicone
Dimethiconol
Amodimethicone
Cyclopentasiloxane
PEG-12 Dimethicone
```

Hazifanani tabia, na mengi yanayosemwa vibaya kuhusu silikoni yanatokana na kuzichanganya. Dimethikoni ni ya kawaida kabisa, na dimethikonoli ni ndugu yake wa karibu. Hupenda kukaa pale ambapo unywele bado una mafuta yake ya asili, yaani karibu na shina, na haiyeyuki kwenye maji. Amodimethikoni imetengenezwa ibebe chaji chanya ndani ya kondishena yenye asidi kidogo. Unywele ukilowa una chaji hasi, hasa sehemu zilizoharibika, kwa hiyo amodimethikoni huvutwa zaidi kwenye ncha na sehemu zilizowekwa dawa. Ikishatanda, chaji yake yenyewe huanza kusukumana na inayokuja nyuma, ndiyo maana haielekei kuongezeka bila kikomo. Saiklopentasiloksani huruka hewani kama manukato: inasaidia kusambaza bidhaa, kisha inaondoka. Na zile zinazotanguliwa na herufi PEG, nyingi huchukuliwa na maji wakati wa kusuuza.

Je, inajirundika? Shampuu zenye silikoni ndani yake, zile za mbili-kwa-moja, zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1980, wanakemia walilipima swali hili kwa kuosha vishungi vya nywele tena na tena na kupima silikoni iliyobaki. Kilichoonekana ni kwamba kiasi hupanda katika miosho ya mwanzo, kisha hufika mahali kikatulia, kwa sababu kila mwosho unaondoa sehemu ya ile ya zamani huku mpya ikiwekwa. Tabaka linakuwepo, lakini halikui kila wiki hadi unywele ufanane na waya wa umeme.

Sharti lake ni moja: shampuu iwepo. Anayeosha kwa kondishena pekee mwezi baada ya mwezi, au aliyesuka na kupaka seramu kila asubuhi bila kuosha, anaongeza pasipo kutoa. Huyo atapata mrundikano, na hautakuwa wa silikoni tu.

Kuhusu kuziba, tabaka la silikoni ni jembamba, lina mapengo, na mvuke wa maji hupita ndani yake bila shida. Nywele hazikauki kwa sababu zimezibwa. Zikilemewa na tabaka nyingi, maji huteleza juu na kuchukua muda kuzilowesha. Hilo kweli linaonekana kwa macho.

Hatua ya kwanza: soma chupa zote, siyo kondishena tu

Panga mezani kila unachotia kichwani: shampuu, kondishena, kondishena ya kuacha kichwani, seramu, jeli, mafuta. Tafuta majina yanayoishia kwa *cone*, *conol* au *siloxane*.

Viambato huandikwa kwa kufuata wingi, kikubwa kwanza, lakini vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Njia rahisi ya kukisia mpaka huo ni kutafuta kihifadhi kiitwacho `Phenoxyethanol`. Sheria za Ulaya hazikiruhusu kizidi asilimia 1, na bidhaa nyingi tunazouziwa zinafuata kiwango hicho. Silikoni iliyotajwa baada yake kwa kawaida ni chache sana. Ikikaa ya tatu au ya nne, hiyo ni kondishena yenye silikoni ya kutosha. Seramu ya nywele mara nyingi ni silikoni tangu jina la kwanza, na haisuuzwi. Ukitaka mshukiwa, anza na seramu kabla ya kondishena, kwa kuwa sehemu kubwa ya kondishena huenda na maji bafuni.

Andika pia siagi ya shea, mafuta ya nazi, nta na jeli ya mafuta mgando. Hizo nazo zinajirundika, ila hakuna anayezisema vibaya kwa sababu nyingi zinaitwa za asili.

Hatua ya pili: pima kishungi kabla ya kuosha kichwa kizima

Chagua vishungi viwili vinavyokaribiana nyuma ya kichwa, kila kimoja unene wa kidole. Kimoja kifunge bendi ukiache kama kilivyo. Kingine kioshe mara mbili kwa shampuu ya kusafisha (nitaieleza hapo chini), kisuuze vizuri, usikitie kondishena. Acha vyote vikauke kwa hewa, halafu vinyunyizie maji kidogo.

Kishungi kilichooshwa kikilowa upesi, kikajikunja vizuri zaidi na kuwa chepesi, ulikuwa na utando unaotoka kwa shampuu: silikoni, mafuta au siagi. Kikiwa na mkwaruzo kuliko kile cha kwanza, usikimbilie kusema shampuu imekiharibu. Huenda hiyo ndiyo hali halisi ya unywele wako, na silikoni ilikuwa inaificha. Vikifanana kabisa, silikoni haina kosa. Nenda kwenye hatua ya nne.

Jambo moja litakuokolea muda. Ukikwangua unywele kwa ukucha na kupata kitu cheupe, hicho siyo silikoni. Silikoni haina rangi. Weupe huo mara nyingi ni jeli iliyogombana na kondishena ya kuacha, siagi iliyoganda, mba, au madini ya maji. Na yale madonge ya kijivu yanayokutwa shinani baada ya kufumua rasta ni mafuta ya kichwa, vumbi na mabaki ya bidhaa. Yatoe kwa vidole ukisaidiwa na kondishena kabla hujamwaga maji, la sivyo yatakaza nywele kuwa fundo. Kwa kazi hiyo kondishena yenye silikoni ndiyo bora, kwani inateleza.

Hatua ya tatu: osha

Ile shampuu ya kusafisha niliyoitaja ni shampuu ya kawaida yenye nguvu ya kuosha. Mwanzoni mwa orodha ya viambato tafuta mojawapo ya haya:

```
Sodium Laureth Sulfate
Sodium Lauryl Sulfate
Sodium C14-16 Olefin Sulfonate
```

Viambato hivi vina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia huizunguka silikoni, silikoni inaachana na unywele kwa vitone vidogo, na maji yanaibeba. Haihitaji kuyeyuka ndani ya maji ili itoke, kama ambavyo mafuta ya kichwa chako yasivyoyeyuka lakini yanatoka. Shampuu nyingi zisizo na salfeti nazo huweza kazi hii, ila polepole, na utando mzito utazitaka mara mbili au tatu.

Kosa linalowakwamisha wengi liko hapa: wanaosha silikoni kwa shampuu yenye silikoni. Shampuu zinazoahidi ulaini wa hariri mara nyingi zina dimethikoni au dimethikonoli ndani yake. Angalia pia `Polyquaternium-10` na `Guar Hydroxypropyltrimonium Chloride`. Siyo silikoni, ila zimewekwa makusudi zibaki kwenye unywele baada ya kusuuza, na hushikamana na salfeti zikaacha utando wao. Kwa siku ya kutoa mrundikano, tafuta chupa isiyo na hayo. Mara nyingi huwa ni ile ya bei nafuu, nyepesi, unayoweza kuona upande wa pili wa chupa.

Gawa nywele mafungu manne hadi sita na uzitenganishe kwa vidole. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu dakika mbili au tatu, hadi fungu likae kama kitambaa kilicholowa. Nywele za kipilipili huonekana zimelowa nje huku ndani zikiwa kavu, na shampuu haiwezi kufanya kazi pakavu.

Kila fungu litie kijiko kimoja cha chai cha shampuu. Kwa kawaida tunaambiwa shampuu ni ya ngozi ya kichwa, urefu uoshwe na povu linaloteremka. Ushauri huo ni mzuri siku nyingine, ila leo utando uko kwenye urefu, kwa hiyo shampuu iende kwenye urefu. Minya kutoka shinani kwenda nchani, usisugue viganja kwa kuzungusha. Iache dakika moja, suuza, rudia.

Povu ndilo litakalokuambia. Mwosho wa kwanza hutoa povu haba na zito kwa sababu shampuu inatumika kushika mafuta. Wa pili ukitoa povu jingi jeupe na jepesi, utando umeondoka. Ukibaki hafifu, ongeza wa tatu kwenye fungu hilo tu. Hakuna haja ya sabuni ya vyombo. Viosheo vyake ni ndugu wa vile vya shampuu, ila imetengenezwa kwa masufuria, na ngozi ya kichwa italalamika.

Siki haitoi silikoni, maana asidi haiigusi. Bekingi soda nayo haitoi. Ina ualikali unaoinua magamba ya unywele, ndiyo maana mtu huhisi nywele "zimefunguka". Akirudia mara nyingi zitafunguka hadi zikatike. Mafuta ya nazi ya kulalia usiku mzima hayaiyeyushi silikoni, yanakuongezea tu cha kuosha asubuhi.

Ukimaliza, tia kondishena dakika tatu hadi tano, chana kwa chanuo la meno mapana, suuza. Usiache nywele zilizotoka kuoshwa kwa nguvu bila kitu. Ikiwa unazipiga pasi, hapo silikoni ndiyo rafiki yako, kwa sababu inapunguza kasi ya joto kuingia kwenye unywele.

Hatua ya nne: kama bado ni ngumu, shuku maji

Pwani yetu ina visima vingi vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na chokaa, na bara nako, Dodoma kwa mfano, maji magumu si mageni. Dalili unazijua: sabuni haitoi povu, na birika lina ukoko mweupe ndani. Madini hayo, hasa kalisi na magnesi, hushika unywele, na shampuu ya kawaida haiyatoi vizuri.

Anayeosha nywele kwa sabuni ya kipande ana mzigo mara mbili. Sabuni ikikutana na kalisi hutengeneza utando mzito usioyeyuka, uleule unaozunguka beseni, na huo unabaki kichwani. Nywele zinakuwa kavu, zimefifia, na zina mguso wa nta kwa pamoja. Lawama za mchanganyiko huo hupewa silikoni iliyokuwa ndani ya kondishena, na sabuni inaachwa salama kwenye kisahani chake.

Dawa yake ni shampuu yenye kishika-madini, `Disodium EDTA` au `Tetrasodium EDTA`. Chupa nyingi zina tone lake mwishoni mwa orodha ili kulinda bidhaa isiharibike, hilo halitoshi. Tafuta ambapo limetajwa mapema, au chupa inayosema wazi ni ya maji magumu au ya waogeleaji. Iache kichwani dakika tano. Ukiikosa, hapa ndipo siki inapopata kazi yake halali: vijiko viwili vya chakula ndani ya lita moja ya maji, mwaga baada ya shampuu, subiri dakika mbili, suuza. Inalegeza utando wa sabuni na sehemu ya chokaa. Maji ya kusuuzia mwisho, kama unaweza, yawe ya mvua, au ya bomba yasiyo magumu.

Mfano mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho

Mchukulie dada wa pwani ya Dar es Salaam, nywele za asili zinazofika mabegani zikivutwa, maji ya kisima. Aliacha shampuu kwa kuwa alisikia inakausha, akawa anaosha kwa kondishena kila wiki mbili. Kondishena ina amodimethikoni, ya nne kwenye orodha. Akimaliza hupaka kondishena ya kuacha, siagi ya shea, na jeli pembeni. Mara moja kwa mwezi, ili "kutoa uchafu", hutumia sabuni ya kipande. Msusi anamwambia, "Dada, kichwa kimejaa silikoni, tupa hiyo kondishena."

Anafanya jaribio, kwa vishungi vitatu. Cha kwanza anakiacha. Cha pili anakiosha mara mbili kwa shampuu ya salfeti: kinalowa haraka, ule mguso wa nta umepungua sana, ila bado kimefifia na kina mkwaruzo wa unga. Cha tatu anakiosha vilevile, kisha anaongeza shampuu yenye kishika-madini: kinang'aa na kujikunja kama alivyokuwa anakikumbuka. Unga mweupe wa pembeni mwa uso, akiuangalia vizuri, uko pale tu anapopaka jeli juu ya kondishena ya kuacha.

Kwa hiyo mambo yalikuwa matatu. Silikoni na siagi vilirundikana kwa sababu hapakuwa na cha kuvitoa, na miosho miwili ilivimaliza. Mkwaruzo ulikuwa wa chokaa na sabuni ya kipande. Unga ulikuwa wa jeli. Ratiba yake mpya: shampuu kila wiki mbili, yenye kishika-madini mara moja kwa mwezi, sabuni ya kipande ibaki ya mwili, na jeli abadilishe, akijaribu kwanza kuichanganya kiganjani na kondishena ya kuacha aone kama inaganda vipande. Kondishena yake, ile aliyoambiwa atupe, anaendelea nayo.

Ni nani aache silikoni, basi?

Anayeamua kuosha kwa kondishena pekee, aidha atafute isiyo na silikoni au yenye zile za PEG. Mwenye nywele nyembamba na laini anaweza kuona zinalala hata kwa utando mdogo, na kwake kupunguza ni busara. Wengine waangalie tu kama shampuu ipo kwenye ratiba: kila wiki moja hadi mbili kwa anayepaka kondishena ya kuacha au seramu, na mara baada ya kufumua kwa aliyesuka. Ukiwa na misuko, seramu iishie kwenye urefu. Shinani ndiko kugumu kuosha.

Utasikia pia kwamba Ulaya wamezipiga marufuku. Walichoanza nacho ni kikomo: tangu tarehe 31 Januari 2020, saiklopentasiloksani na ndugu yake mmoja haziruhusiwi kufika asilimia 0.1 katika bidhaa za kusuuza, kwa sababu zikiingia kwenye mito hukaa muda mrefu bila kuoza. Hizo ndizo zile zinazoruka hewani, na sababu yenyewe ni mazingira. Dimethikoni na amodimethikoni hazimo kwenye kikomo hicho.